Alama Tano za Msukumo wa Kweli

Ile insha ilikuja imegongwa muhuri wa chifu. Ulikuwa muhuri wa zambarau, umegongwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino haukushika vizuri. Chini yake palikuwa na sahihi ya chifu msaidizi, na nyuma ya insha, ikiwa imebanwa kwa pini, palikuwa na barua ya kasisi ikithibitisha kwamba mwandishi ni mtoto mwenye adabu na hakosi kanisani. Nilikuwa sijasoma hata neno moja na tayari nilikuwa nimekasirika.

Watu wengi, wakiwemo watoto wangu, huniambia kwamba hasira yangu hutangulia sababu. Pengine ni kweli. Nilifundisha Kiingereza katika shule za upili za Nairobi kwa miaka mingi, nikastaafu, na kwa mwaka mmoja nikajaribu kukaa nyumbani Buruburu nikimwagilia maua. Maua yalikufa. Ndipo kikundi kimoja kidogo kinachotumia ukumbi wa kanisa letu kikaniomba niwasaidie kusoma insha za kujieleza za vijana wanaoomba nafasi katika vyuo vikuu vya nje. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba.

Vyuo vyetu vya serikali havina haja na yaliyo moyoni mwako. Unafanya mtihani wa kidato cha nne, unachagua kozi kwenye mtandao, na alama zako zinakupeleka zinakokupeleka. Vile vya nje ndivyo vyenye udadisi. Vinataka mwombaji aeleze, kwa maneno yasiyozidi mia sita, kwa nini anataka kozi ile na si nyingine, na amefanya nini mpaka sasa kuonyesha kwamba anaitaka. Chuo kimoja kilikuwa kikichukua vijana wachache kila mwaka na kuwalipia kila kitu, na kikundi chetu kilipewa kazi ya kuchuja insha za vijana wa Eastlands, upande wetu wa Nairobi, kabla ya kuzituma huko.

Tulikuwa wasomaji wawili, mimi na mzee mmoja wa kanisa aliyefanya kazi benki maisha yake yote. Jumamosi tulikaa kwenye chumba cha Shule ya Jumapili, juu ya viti vya watoto, magoti yakitukaribia kidevuni, na chupa ya chai kati yetu. Kila insha ilikuwa na namba badala ya jina, ili tusijue ni mtoto wa nani. Kila mmoja wetu aliisoma peke yake na kuipa alama hadi tano kwa mambo matatu: umahususi, msukumo wa kweli na mpangilio. Aliyepata kumi na mbili kati ya kumi na tano kwa wastani alipita. Alama zetu zikitofautiana kwa zaidi ya tatu, tulilazimika kukaa pamoja na kubishana mpaka tuelewane. Na tulikuwa na sheria moja ambayo niliiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani: msomaji anauliza maswali, haandiki. Hatukuruhusiwa kumpa mtoto hata koma.

Kwa hiyo mnaona tatizo la muhuri. Namba ilikuwa kumi na saba, ya siri kabisa, na chini yake chifu alikuwa ameandika jina kamili la msichana, la baba yake, na mtaa wao huko Njiru.

Insha yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kama zote. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: “Mimi ni msichana mnyenyekevu kutoka familia isiyojiweza. Ninaandika kwa heshima na taadhima kuomba nafasi ya kusomea uhandisi wa ujenzi. Baba yangu ni kibarua na mama yangu ana matatizo ya kiafya. Tumezaliwa watano. Nikipewa nafasi hii nitafanya bidii na sitawaangusha. Mungu awabariki mnapolishughulikia ombi langu.” Iliendelea hivyo kwa ukurasa mzima. Neno uhandisi lilitajwa mara moja tu, na lingeondolewa pakawekwa uuguzi au upishi, pasingeharibika kitu.

Huo ndio mtihani wangu wa umahususi, na ninauona bora kuliko yote. Ninafunika namba, ninafunika jina la kozi, halafu nasoma kila sentensi nikijiuliza kama mtoto mwingine angeweza kuiandika. Ikiwa angeweza, naikata. Katika insha ya kumi na saba nilipomaliza kukata, ulibaki muhuri.

Nikampa moja ya umahususi, moja ya msukumo, na mbili za mpangilio kwa sababu aya zake zilikuwa zimepangika vizuri, ingawa hazikuwa zinakwenda popote. Jumla nne. Mzee wa kanisa alikuwa amempa kumi na moja.

“Msukumo umempa tano,” nikamwambia. “Umeuona wapi?”

“Mwalimu, huyu mtoto ana shida ya kweli.”

“Shida nimeiona. Hatukuulizwa kama ana shida. Tumeulizwa kwa nini anataka kujenga.”

Mzee akavua miwani akaifuta. Alikuwa mtu wa huruma sana, na nadhani katika miaka yake yote ya benki hakuna aliyemruhusu kuitumia. “Wewe una moyo mgumu,” akasema, bila ubaya, akanimiminia chai. Tukakubaliana msichana aitwe.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, mrefu, amevaa sweta ya shule ingawa shule alikuwa ameshamaliza. Aliniita Madam. Nikamuuliza nani alimwambia insha ya kujieleza hupelekwa kwa chifu.

“Hakuna, Madam. Ni vile barua ya basari lazima igongwe stempu. Bila stempu hata hawasomi.”

“Hii si barua ya basari.”

“Najua. Lakini ni kuomba tu, si ndiyo?”

Akanieleza bila aibu yoyote. Tangu kidato cha kwanza alikuwa akiandika barua ya kuomba basari, ule msaada wa karo, kila muhula, na kila muhula ilimrudisha shule. Alijifunza kwamba barua ikieleza unachopenda haisaidii. Ikieleza unachokosa, inasaidia. Wenzake walioandika vizuri zaidi yake, wakataja ndoto zao, walikosa. “Hiyo ndiyo barua najua kuandika, Madam. Na ilifanya kazi.”

Nilikuwa nimempa alama nne kwa uandishi uliomsomesha miaka minne, jambo ambalo uandishi wangu mimi haujamfanyia mtu yeyote. Lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia chuo hiki hakitafuti mwenye shida kuliko wote, kinatafuta mtu anayejua anachokitaka, na kwamba sentensi ambayo mtoto mwingine angeweza kuiandika tunaikata, kisha nikamuuliza kwa nini uhandisi wa ujenzi.

“Nisaidie jamii.”

“Mwingine.”

“Nijenge taifa.”

“Mwingine.”

“Madam, sasa unataka niseme nini?”

“Sitaki useme kitu. Niambie jambo moja la ujenzi ulilowahi kufanya na hakuna aliyekutuma.”

Mzee wa kanisa alikuwa karibu kumsaidia na jibu, nikamkanyaga mguu. Kisha msichana akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, “Nilikuwa naweka mchanga kwa chupa.”

Baba yake ni fundi wa mjengo. Hakuwa kibarua hata kidogo, lakini neno kibarua huenda vizuri kwenye barua ya basari. Alikuwa akijenga ploti ya ghorofa huko karibu na Mowlem, na kabla hata wapangaji hawajajaa, plasta ya kuta ikaanza kupasuka. Baba akasema kosa ni la saruji. Msichana, aliyekuwa kidato cha tatu, akasema labda ni mchanga. Baba akamwambia arudi kwa vitabu vyake. Basi akachukua chupa za soda za plastiki, akatia mabaki ya mchanga wa kila lori lililokuwa limekuja, akaongeza maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaziacha zitulie. Mchanga hukaa chini, tope hukaa juu yake, na mpaka kati yake unaonekana. Akapima kwa rula. Mchanga wa malori mawili ulikuwa na tope jingi kupita kiasi, na mchanga wenye tope haushikani vizuri na saruji hata uichanganye kwa maombi.

“Nani alikufundisha hayo?”

“Nilisoma kwa simu. Baba aliniambia niache kuchezea matope. Lakini nilikuwa nataka kujua tu.”

Nilijua hapo hapo tumepata. Mwalimu yeyote anajua sauti ile, na huisikia mara chache. Nikamwambia aende aandike hayo, bila umaskini, bila taadhima na bila chifu.

Rasimu ya pili ilianza na chupa. Ilikuwa na malori, rula na chumvi, na nilipoifunika namba hakuna mtoto mwingine duniani ambaye angeweza kuiandika. Ilieleza pia somo la vifaa vya ujenzi katika kozi ya chuo kile, alilolisoma kwenye tovuti yao, na kwa nini lilimvutia. Lakini ilikuwa na shimo katikati. Aya moja ilimalizika kwa “Nilimwonyesha baba chupa.” Iliyofuata ilianza kwa “Ndipo nikaamua kusomea uhandisi.” Mtu haruki kutoka hapa hadi pale bila kitu kutokea. Nikaandika pembeni, kwa kalamu yangu nyekundu, swali moja: Baba alisema nini?

Lilikuwa swali zuri, na hata leo siwezi kulikana. Mpangilio wa insha si suala la utangulizi, mwili na hitimisho kama tulivyowakaririsha watoto. Ni kila aya kuwa na haki ya kuifuata iliyotangulia. Pale haki haikuwepo, na kazi yangu ilikuwa kuuliza.

Rasimu ya tatu ilijibu. “Nilimwonyesha baba chupa. Hakushangaa. Alijua tangu siku lori lilipofika. Baba yangu alijua mchanga ni mbovu, na alijenga nao. Siku hiyo niliamua kwamba nitakuwa mtu ambaye akijua, anasimamisha kazi.”

Nikaisoma mara mbili nimesimama. Umahususi tano, msukumo wa kweli tano, mpangilio nne, na ile moja niliizuia kwa tabia tu. Nilifurahi, na sifichi. Nilijiona nimemtoa mtoto kutoka kwa chifu hadi kwenye ukweli kwa maswali matatu na bila koma hata moja.

Mzee wa kanisa alikuwa amempa saba.

“Saba?”

“Amemvua baba yake nguo, Mwalimu. Mbele ya watu wa ng’ambo.”

“Fomu ina sehemu ya heshima kwa wazazi? Nionyeshe iko wapi.”

“Nimempa mbili za msukumo. Kama kinachomsukuma ni kumwonyesha babake kwamba amekosea, huo ni msukumo gani?”

Nikamwambia hiyo ni huruma inaongea, na huruma ndiyo iliyompa tano wakati hakuwa amesema kitu. Akaniambia na mimi ni furaha yangu inaongea. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Wiki chache kabla yeye ndiye aliyekuwa akimtetea msichana na mimi nikimkata. Sasa tulikuwa tumebadilishana viti na kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kukaa pale. Mwishowe akakubali kwa shingo upande kupandisha hadi kumi na moja. Kwa wastani wetu, msichana alikuwa amepita.

Ilibaki fomu moja, ya mzazi. Chuo kilitaka mzazi atie sahihi kwamba ameisoma insha na kwamba ni kazi ya mtoto mwenyewe, bila kuandikiwa. Hapo ndipo nilipopaswa kufikiri, na sikufikiri.

Jumamosi ya mwisho, siku ya kutuma, insha zilikuwa zinaondoka saa kumi. Mnamo saa tano mtu aligonga mlango ingawa ulikuwa wazi. Alikuwa mwanamume mkubwa, koti la kanisani, viatu vimepigwa rangi juu ya simenti ambayo haitoki tena. Mkononi alikuwa na insha ya binti yake na fomu. Mzee wa kanisa aliinuka nusu, nadhani ili awe karibu na mlango.

“Shikamoo sitasema, Mwalimu, maana naona tunalingana,” yule mtu akasema. “Habari ya kazi?”

“Njema. Karibu, baba.”

Akatazama kiti cha mtoto, akakipima kwa macho ya fundi, akakikalia taratibu. Alikuwa amemwacha binti yake kwenye benchi uani. Akaikunjua insha juu ya goti. Nilikuwa nimeshaandaa maneno: kwamba ukweli ni wa msichana, kwamba hatuwezi kumlazimisha auondoe, na kwamba nafasi hii haiji mara mbili.

“Hapa ameandika nilijua,” akasema. “Ni kweli. Nilijua.”

Akalainisha mkunjo wa karatasi.

“Lakini hajaandika nilijua nini.”

Akaniambia, polepole, akiangalia karatasi badala ya uso wangu. Mwenye ploti alileta malori mawili ya mchanga wa bei rahisi akamwambia, autumie au aitwe fundi mwingine. Baba alikuwa na vijana wa kazi waliomtegemea, na karo ya watoto, ile ambayo basari haifikii. Akautumia kwenye kuta. Lakini ngazi hakuzijenga nao. Mchanga wa ngazi aliuosha mwenyewe Jumapili, kwenye pipa lililokatwa, kwa maji ya kununua mtungi kwa mtungi, akaongeza saruji ya mfukoni mwake, akazimwaga kwa mikono yake bila vijana, kwa sababu ngazi ndizo zinazokanyagwa na watoto wa watu. “Ngazi hazina ufa mpaka leo. Kuta zinao. Sisemi niko sawa. Nasema ilivyokuwa.”

“Ulimwambia msichana?”

“Ningemwambia nini? Kwamba nilichagua pahali pa kujenga vizuri?”

Mzee wa kanisa akatazama dirishani. Baba akaninyooshea karatasi. Aliomba niongeze hayo, mistari miwili tu, yeye Kiingereza chake hakifiki hapo. Nikamwonyesha sheria yangu ukutani. Nikamwambia siwezi, wala yeye hawezi, maana anatia sahihi kwamba hakuna aliyemwandikia. Njia ni moja: atoke uani amwambie binti yake, na binti aamue.

Akafikiria hilo. Kisha akaweka kidole juu ya ile aya. “Hapa mlimpa ngapi?”

“Msukumo wa kweli?” Nilitamani sana asiulize. “Mimi nilimpa tano.”

“Kati ya ngapi?”

“Tano.”

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa vipimo vya chumba. “Basi hata bila hayo ilikuwa imejaa,” akasema, akainuka.

Niliona haya. Sijui namna nyingine ya kusema. Nilikuwa nimetoa alama zote kwa hasira ya mtoto kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri na mimi ndiye niliyeichokoza, na hata siku moja sikujiuliza kama kulikuwa na kitu zaidi cha kujua. Aliyedai umahususi chumbani mle, wa kweli, alikuwa yule anayeumizwa nao.

Kupitia dirishani nikamwona akikaa kwenye benchi na binti yake, wote wawili wakitazama mbele. Sikusikia kitu. Baba aliongea kidogo. Baadaye msichana akaingia, macho mekundu, akaomba kompyuta ya kikundi.

Na hapo nikafanya jambo ambalo mzee wa kanisa bado ananikumbusha. Nilimshauri asiguse. Nilimwambia insha ilivyo ina nguvu, inakwenda moja kwa moja, ina sentensi ambayo hakuna msomaji atakayeisahau, na saa zimebaki chache. Akiingiza ngazi, aya itajaa, na kitu lazima kitoke ili maneno yasizidi mia sita. “Si uongo ulivyoandika,” nikamwambia. “Mwenyewe amekubali.”

“Madam, ulisema sentensi ambayo mtoto mwingine anaweza kuandika, tukate.”

“Nilisema.”

“Baba yangu alijua. Hiyo mtoto wa fundi yeyote anaweza kuandika. Kuosha mchanga Jumapili ni wangu tu.”

Mzee wa kanisa alikunywa chai yake kwa kelele, akifurahi sana.

Akaandika mpaka saa tisa unusu. Ili kupata nafasi alikata chumvi, akakata kutikisa, akakata nusu ya chupa nilizozipenda. Aya ya katikati ikawa nzito, ikabeba baba, mwenye ploti, kuta, pipa na ngazi, ikayumba. Ile sentensi yake kali kuhusu kusimamisha kazi ikatoka. Mahali pake akaweka kwamba anataka kusoma ujenzi ili ajue ngazi imara zitabeba watu mpaka lini ikiwa kuta zinazozishika zimechoka. Lilikuwa swali halisi, la mtu anayetaka jibu. Lakini lilikuja limechelewa, baada ya maelezo mengi, na msomaji aliyechoka angeweza kulipita.

Tukasoma, kila mmoja peke yake, kama sheria inavyosema. Nikampa tano, tano, na mbili za mpangilio. Ningependa kuandika kwamba nilimpa nne, lakini aya ilikuwa inayumba na mimi nilikuwa nimekula kiapo na kalamu nyekundu. Miaka yote niliyofundisha, hiyo ndiyo mara ya kwanza najua nimempunguzia mwanafunzi alama kwa sababu amesema ukweli wote badala ya nusu. Mzee wa kanisa naye akampa kumi na mbili, nne, tano na tatu. Bila hata alama moja ya ziada, akapita. Baba akatia sahihi kwenye fomu, herufi moja moja, na insha ikaenda saa kumi kasoro dakika chache.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Hakupata. Barua ilimshukuru kwa kushiriki safari yake ya kipekee bila kusema safari ipi, ikamweleza kwamba waombaji walikuwa wengi na wenye vipaji, ikamtakia mema katika malengo yake bila kuyataja. Niliipa sifuri, sifuri na moja. Haikunisaidia. Inaniuma mpaka leo kwamba sitajua kamwe kama ile rasimu ya tatu, iliyopigwa msasa na yenye nusu ya ukweli, ingempeleka. Najua ninavyofikiri. Nafikiri ingempeleka.

Yeye mwenyewe alinipigia simu kuniambia, bila kulia. Alama zake za mtihani zilikuwa zimemweka chuo kikuu cha hapa nchini, uhandisi ule ule, ambako hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Msichana akiwa ameshaanza masomo, asubuhi moja simu ililia na alikuwa baba yake. Nilidhani ana habari mbaya. Alisalimia kwa urefu, akaulizia mzee wa kanisa, akauliza kama nimepanda maua mengine, maana binti alimsimulia yale yaliyokufa. Kisha akasema, “Mwalimu, leo mchanga uliletwa. Kazi mpya, hapa hapa Njiru. Nimeutia kwa chupa.”

“Ukaonaje?”

“Nimerudisha lori.”

“Na mwenye ploti?”

“Ameita fundi mwingine. Vijana wangu wamebaki kwake, sijawalaumu. Mimi niko nyumbani.” Nikasikia redio nyuma yake, na kikombe kikiwekwa chini. “Nilikuwa nataka kuuliza kitu. Ile karatasi ya msichana, ile yenye ngazi zangu. Huko ng’ambo bado wanayo?”

Nilijua utaratibu wao, tulikuwa tumeandikiwa. Waombaji waliokataliwa, mafaili yao hufutwa mwaka unapoisha, na mwaka ulikuwa umeisha zamani.

“Bado wanayo,” nikamwambia.

“Sawa,” akasema. “Sawa, Mwalimu.” Akanishukuru, akanitakia siku njema, akakata simu.